Barua ya kuomba mtaro uzibuliwe kabla ya masika: mwongozo kwa mkazi wa Dar es Salaam

Barua yangu ya kwanza kuhusu mtaro ilikuwa na kurasa mbili na nusu. Niliandika habari za mbu, za watoto wanaobebwa mgongoni kwenda shule, za ushuru wa taka tunaolipa kila mwezi. Nikaipeleka ofisi moja, nikarudi nyumbani nimeridhika. Miezi miwili baadaye, masika yakiwa yameshaingia sebuleni kwangu, nilikwenda kuulizia. Ofisa aliyeitoa kwenye jalada aliisoma yote, akavua miwani, akasema, "Mama, barua nzuri. Sasa huo mtaro uko wapi?"

Nilikuwa sijaandika. Na hata kama ningeandika, mtaro wenyewe haukuwa wa ofisi ile.

Nimeandika barua nyingine tangu hapo, zangu na za majirani, na nimejifunza kwamba kazi kubwa inafanyika kabla ya kalamu kugusa karatasi. Ukijua mtaro ni wa nani, umeziba wapi hasa, na kilichoziba ni kiasi gani, barua yenyewe ni nusu saa.

Mtaro ni wa nani

Tangu Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Halmashauri ya Jiji ya zamani, iliyokuwa juu ya manispaa zote, ilivunjwa. Kwa hiyo mkazi wa Sinza, Mbagala au Kimara anayeandika "Mkurugenzi wa Jiji" anaandikia watu wasio na mamlaka mtaani kwake. Kama uko Kinondoni, Ubungo, Temeke au Kigamboni, barua yako inakwenda kwa Mkurugenzi wa Manispaa yako. Kama uko Ilala, Buguruni, Vingunguti, Tabata, Kariakoo au Gongo la Mboto, hapo ndipo unaandika Jiji.

Kisha angalia mtaro unafuata barabara gani. Mitaro ya barabara kuu kama Nyerere, Mandela, Morogoro na Kilwa iko chini ya TANROADS, na barua yake huenda kwa Meneja wa Mkoa. Barabara za mitaani, ziwe za lami au za vumbi, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017 na wenye meneja katika kila wilaya. Halmashauri nayo inabaki na usafi na uzoaji wa taka, na ndiyo yenye watendaji wanaokujua wewe na mtaa wako.

Sasa utasema: kama mtaro wa mtaani ni wa TARURA, kwa nini niandikie halmashauri? Kwa sababu mtaro ulioziba mjini mara nyingi una mambo mawili ndani yake, mchanga wa barabara na taka za watu, na ofisi moja ikibaki peke yake itasema nusu ya kazi si yake. Dawa niliyoizoea ni kumwandikia Mkurugenzi na kumpa nakala Meneja wa TARURA wa wilaya, na kuliandika jina lake chini ya barua ili kila mmoja ajue mwenzake ameipata. Kama huna hakika ya barabara, muulize mtendaji wa mtaa kabla hujaandika. Swali ni dogo: "Hii barabara inahudumiwa na nani?"

Tafuta palipoziba, si palipojaa

Hili ndilo kosa la wengi. Maji yakijaa mbele ya nyumba yako, unaandika "mtaro ulio mbele ya nyumba yangu umeziba". Mafundi wanakuja, wanakuta mbele ya nyumba yako mtaro una maji tu, wanatoa chupa mbili tatu, wanaondoka. Maji hujaa upande wa juu wa mahali palipoziba. Ukiona dimbwi, tatizo liko upande yanakokwenda maji, pengine nyumba sita au kumi mbele.

Chukua mfano huu, nitauendeleza hadi kwenye barua. Tuseme uko mtaa mmoja wa Kata ya Buguruni, ambako mitaro hushuka kuelekea Mto Msimbazi. Nyumba yako ni ya juu. Siku mbili baada ya mvua ndogo unatembea kando ya mtaro ukifuata mteremko. Mbele ya nyumba yako maji yamesimama. Mbele ya kibanda cha chipsi maji bado yamesimama, yana rangi ya kijani. Unafika kwenye makutano ya njia, mtaro unapopita chini ya barabara kwa kalavati, na upande wa pili mtaro ni mkavu kabisa. Basi umepata. Palipoziba ni kati ya maji ya mwisho na ukavu wa kwanza, na hapa ni mdomo wa kalavati pamoja na kipande kilicho nyuma yake.

Kalavati la bomba lipime kwa tochi. Mtu mmoja amulike upande huu, mwingine ainame upande wa pili. Mwanga usipopenya, bomba limejaa. Ukipenya kwa juu tu, kama mwezi mchanga, lina tope chini na bado linapitisha kidogo. Mtoto asitumwe kuingia kuangalia, wala mtu mzima: ndani kuna vioo, sindano na hewa mbaya, na bomba lililoziba likifunguka ghafla maji hayamsubiri mtu.

Angalia pia kilichoziba ni nini, maana ndicho kinachoamua nani aje. Mchanga na tope ni kazi ya chepe na lori. Chupa, viroba na magodoro ni kazi ya watu wa usafi. Kama ni bomba la maji lililopitishwa katikati ya mtaro na kukamata kila kinachopita, waliolilaza ndio wanaopaswa kulihamisha, na utalitaja peke yake. Kama kuna mtu amejenga ngazi au ukuta juu ya mtaro, hilo si la kuzibua. Ni suala la ujenzi, lina taratibu zake na ubishi wake, na ukilichanganya kwenye barua hii barua nzima itasubiri ubishi uishe. Kadhalika choo kinachotiririshwa mtaroni: hicho mpelekee afisa afya kwa barua nyingine.

Pima kwa fimbo na futi kamba

Huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji fimbo iliyonyooka, futi kamba na jirani wa kushika upande wa pili. Kwanza nenda mahali ambapo mtaro ni msafi, pima upana wa ndani na kina kutoka ukingoni hadi kwenye zege. Kisha rudi palipoziba, pima kutoka ukingoni hadi juu ya tope. Tofauti ya vina viwili ndiyo unene wa tope. Hakikisha kwa fimbo: isukume kwenye tope hadi igonge zege, weka alama usawa wa juu ya tope, itoe, pima. Namba zikikaribiana, uko sawa. Fimbo ikizama kwenye tope kuzidi sana unene huo, basi sakafu ya zege imevunjika pale, na hilo liandike.

Katika mfano wetu mtaro una upana wa sm 60 na kina cha sm 80. Palipoziba, kutoka ukingoni hadi kwenye tope ni sm 30, kwa hiyo tope ni sm 50. Kipande kilichojaa hivyo kina urefu wa mita 14, hatua ishirini hivi za mtu mzima. Zidisha kwa mita: 0.6 mara 0.5 mara 14, unapata mita za ujazo 4.2.

Namba hiyo inaonekana ndogo hadi uigeuze kuwa mzigo. Tope lenye mchanga na maji, kwa mita moja ya ujazo, halipungui tani moja na nusu, na likiwa mchanga mtupu uliolowa hukaribia tani mbili. Kwa hiyo hapo pana tani sita hadi nane, toroli kama sabini. Ndiyo maana vijana wa mtaa wanaochangishana soda na kuingia na machepe Jumamosi asubuhi humaliza mita nne, wanachoka, na tope wanaliacha ukingoni. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Nimeona hata kazi ya kulipwa ikiishia hivyo hivyo: mtaro umezibuliwa vizuri, kilima cha tope kimeachwa pembeni kisubiri gari, gari halikuja, mvua ikaja.

Hivyo katika barua usiombe "kuzibuliwa" peke yake. Omba kuzibuliwa na tope kuondolewa, na utaje ujazo wake ili anayepanga magari ajue ni safari moja au mbili za lori.

Picha ziwe tatu tu. Moja ya dimbwi, moja ya mdomo wa kalavati ukiwa na futi kamba inayoonekana, moja ya upande wa pili ulio mkavu. Hiyo ya ukavu ndiyo inayoshawishi kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba mtaro ni mzima na tatizo ni kipande kimoja. Zipige mchana, jua likiwa juu, kwa kuwa huenda zikachapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe na picha ya jioni itatoka kama doa la wino.

Mahali paelezwe kwa vitu visivyohama. "Karibu na kwa Mangi" ni kwa majirani, si kwa dereva wa lori. Tumia jina la barabara na namba ya nyumba kwenye vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mwaka 2022, na kama kuna nguzo ya umeme yenye namba iliyoandikwa, inakili. Kisha sema umbali: mita ngapi kutoka wapi, upande gani wa barabara.

Lini upeleke

Masika ya Dar es Salaam ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Barua ya masika iwe ofisini katikati ya Januari, ya vuli iwe imefika katikati ya Agosti. Usingoje utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ndipo uanze kuandika, maana ukitangazwa kila mtaa unakumbuka mtaro wake na barua yako inakuwa ya mia. Kazi ikifanyika Februari kuna faida nyingine: jua ni kali, tope limekauka juu na ni jepesi kubeba.

Ukitaka mtaro upanuliwe au ujengwe upya, hiyo ni safari nyingine. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na bajeti yake huandaliwa miezi mingi kabla, kuanzia kwenye vikao vya mtaa na kata. Barua ya kuzibua iombe kuzibua.

Barua yenyewe

Ukurasa mmoja. Anwani yako juu kulia, tarehe chini yake, anwani ya unayemwandikia kushoto, halafu mstari wa "kupitia", halafu kichwa cha habari. Kichwa kibebe mahali, kwa sababu masjala huandika kichwa tu kwenye daftari. Namna hii:

> (Jina lako)
> Nyumba Na. ……, Barabara ya ……
> Mtaa wa ……, Kata ya Buguruni
> Simu: ……
> 14 Januari 2026
>
> Mkurugenzi wa Jiji,
> Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam,
> S.L.P. ……,
> DAR ES SALAAM.
>
> Kupitia: Mtendaji wa Mtaa wa ……
> Kupitia: Mtendaji wa Kata ya Buguruni
>
> YAH: OMBI LA KUZIBULIWA MTARO WA MAJI YA MVUA NA KALAVATI, MAKUTANO YA BARABARA YA …… NA BARABARA YA ……, MTAA WA ……, KATA YA BUGURUNI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mkazi wa mtaa uliotajwa. Naandika kwa niaba ya kaya 12 zilizosaini karatasi iliyoambatishwa.
>
> Mtaro wa zege ulio upande wa kushoto wa Barabara ya …… ukielekea bondeni umeziba kwa urefu wa mita 14, kuanzia nguzo ya umeme Na. …… hadi mdomo wa kalavati kwenye makutano. Mtaro una upana wa sm 60 na kina cha sm 80. Tope limejaa sm 50. Mdomo wa kalavati umezibwa na chupa, viroba na godoro, na mwanga wa tochi haupenyi. Baada ya kalavati mtaro ni mkavu na msafi.
>
> Katika mvua za vuli zilizopita maji yaliingia katika nyumba 5 kati ya hizo 12, na njia ya makutano haikupitika kwa miguu kwa siku mbili.
>
> Tunaomba yafuatayo:
> 1. Mtaalamu afike kukagua kabla ya tarehe 28 Januari 2026.
> 2. Mtaro na kalavati vizibuliwe kabla ya tarehe 20 Februari 2026.
> 3. Tope na taka zitakazotolewa, zinazokadiriwa kuwa mita za ujazo 4 mpaka 5, ziondolewe siku hiyo hiyo ili zisirudi mtaroni.
>
> Kwa upande wetu, tutaondoa vivuko vya mbao na meza za biashara zilizo juu ya mtaro siku moja kabla ya kazi, mara tutakapojulishwa tarehe.
>
> Naomba kuwasilisha.
>
> (Sahihi)
> (Jina)
>
> Nakala: Meneja wa TARURA, Wilaya ya Ilala
> Nakala: Diwani, Kata ya Buguruni
> Viambatisho: picha 3, orodha ya kaya 12

Nyumba zilizoingia maji nenda ukazihesabu, mlango kwa mlango. "Nyumba nyingi" haimshtui mtu anayepokea barua thelathini kwa wiki. Na ukiandika 5 wakati ni 3, mkaguzi akifika akakuta 3, hata vipimo vyako vya kweli ataviwekea shaka.

Ujazo nimeuandika 4 mpaka 5 ingawa hesabu ilitoa 4.2, kwa sababu ndani ya kalavati kuna mzigo ambao fimbo haikuufikia.

Aya ya "kwa upande wetu" msiichukulie kama maneno ya adabu. Nimeona lori likigeuka tupu kwa sababu mama ntilie alikataa kuhamisha meza na mwenye duka hakutaka mbao zake zing'olewe. Ongea nao kabla ya kuandika. Kwa kawaida mama ntilie ataliuliza swali moja tu, "Siku ngapi?", na ukimwambia siku moja anakubali.

Hasira ziache nyumbani. Anayesoma barua mara nyingi si yule aliyekuudhi mwaka jana.

Safari ya barua

Chapa nakala tano: ya Mkurugenzi, mbili za walioandikwa chini, moja ya ofisi ya mtaa, moja yako. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Yeye hayumo kwenye mstari wa "kupitia", lakini akisikia habari hii kwa mtendaji kabla yako, atahisi umemruka. Kisha mtendaji wa mtaa aandike maoni yake juu ya barua na kugonga mhuri. Mwombe, kama ana nafasi, aende akaone kwanza. Mtendaji aliyesimama kwenye dimbwi kwa viatu vyake anaandika "Nimeona, ni kweli, tafadhali wasaidiwe". Aliyekaa mezani anaandika "Naipitisha" na basi. Mtendaji wa kata naye hugonga wake.

Barua ikishapita kwa hao, ipeleke mwenyewe masjala ya halmashauri. Usimwachie mtu kwamba "nitakupelekea, nakwenda huko kesho". Toa nakala yako na useme, "Naomba unigongee ya kwangu pia." Unataka mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na kama barua imepewa namba ya kumbukumbu, iandike pembeni kwa kalamu. Fanya hivyo hivyo TARURA. Bila mhuri huo, ukirudi baada ya wiki mbili utaambiwa barua haionekani, na huna cha kuonyesha.

Siku ya 14 nenda ukaulize. Usiulize "barua yangu imefikia wapi", maana jibu lake ni "inashughulikiwa". Taja namba, kisha uliza jalada liko meza ya nani. Ukishajua ni idara ya usafi au imepelekwa kwa mhandisi, unakwenda kwa huyo na picha zako mkononi. Kama imekwama, usiandike barua mpya yenye maelezo yote. Andika mistari minne: rejea barua yangu ya tarehe fulani yenye kumbukumbu namba fulani, iliyopokelewa tarehe fulani, ukaguzi ulioombwa haujafanyika, naomba kujulishwa tarehe. Hiyo nayo igongwe mhuri. Nakala mpe diwani mkononi, maana yeye ndiye anayeweza kuuliza kwenye kikao.

Siku ya kazi, na siku inayofuata

Wakifika mafundi, kuwepo. Waonyeshe nguzo na makutano, na fimbo yako yenye alama. Kalavati ndilo watakalotaka kuliruka kwa sababu ni gumu, na mtaro uliozibuliwa mita 14 huku bomba limejaa haujazibuliwa. Kabla hawajaondoka mulika tochi tena, uone mduara mzima wa mwanga upande wa pili. Mwaga ndoo tano za maji mtaroni upande wa juu wa kalavati, mwenzako asimame upande wa chini. Yakitokea kwa kasi, sawa. Yakichuruzika, kuna kitu kimebaki katikati.

Asubuhi yake pima kina mahali pale pale, piga picha tatu zile zile, uziweke pamoja na nakala yenye mhuri. Agosti ukirudi na fimbo ukakuta tope limeshafika sm 20, barua ya vuli itakuwa na mistari miwili tu ya maelezo, na itaanza hivi: "Rejea barua yangu ya tarehe 14 Januari 2026."